SOMO: Kumwomba mtu mtoke mara ya kwanza kwa meseji bila kumbana

Wakuu, inboksi imejaa swali moja tu, "nimwandikieje akubali", basi naandika hapa mara moja tuyamalize.

1. Muwe mshazoea kuchati. Kama hajakusevu hata jina, subiri.

2. Chagua sehemu anayoweza kuondoka mwenyewe. Kwa sisi wa Mtwara, Shangani ufukweni panafaa, watu wapo na bajaji hukosi. Msimbati kuzuri ila ni mbali, akikuchoka saa ya kwanza anarudi na nani?

3. Taja siku, saa na itachukua muda gani. Saa kumi na nusu ni nzuri, alasiri imeshaswaliwa na magharibi bado.

4. Mwachie nafasi ya kukataa. Hapa ndo wengi wanaharibu. "Kama hutaki basi" si nafasi, hiyo ni kununa mapema, na "usiniangushe" ndo kabisa, mtu anakuja kwa kukuonea huruma alafu siku nzima anaangalia simu. Nafasi ni sentensi moja nyepesi, unaiweka mwishoni na hauirudii. NA USITUME NAULI KABLA HAJAJIBU, ukishatuma hela umeshamfunga, akikataa anaonekana kala nauli yako.

Mfano:
"Mambo, Jumamosi saa kumi na nusu nitakuwa Shangani, nataka tukae tule pweza tupige stori kama lisaa hivi, mimi na wewe tu. Ukiwa na nafasi karibu, kama haikai vizuri niambie tu, hamna neno."

Hiyo "mimi na wewe tu" usiitoe, bila hiyo anakuja na mashoga zake watatu, na si kosa lake.

5. Tuma, weka simu chini.

MASWALI

Kijana wa Chuno: Mkuu kaona tangu jana kimya, nimpigie?
Jibu: Hapana.

Kijana wa Chuno: Ila tiki ni za bluu
Jibu: Soma namba 5.

Dada Mikindani: Kaka, na mtu akisema "nitaangalia", unajuaje kama anakataa?
Jibu: Swali zuri dada. Mi naangalia kama karudisha siku nyingine. Anayetaka ila kabanwa atasema "Jumamosi nina msiba, Jumapili je?" Akiishia "nitaangalia", mjibu "poa" uendelee na maisha, ikifika Jumamosi usimkumbushe. Akitaka anajua pa kukupata.

Dada Mikindani: Sahihi. Na mkikataliwa msiulize kwa nini, tunaanza kutunga uongo wa mjomba mgonjwa.
Jibu: Hiyo naiongeza kwenye somo.

Mzee wa Bajaji: Namba 2 wamsikilize. Nabeba sana mabinti wanaotoka huko usiku wamenuna.

Ligula Boi: Mi nishatuma nauli elfu kumi, nifanyeje
Jibu: Namba 4 iko kwa herufi kubwa, unataka niandike kubwa kiasi gani? Mwambie "hiyo vocha yako, hata usipoweza kuja", na usiidai tena.

Ligula Boi: Elfu kumi yote?
Jibu: Yote.

Mzee wa Bajaji: Pweza nendeni mapema, vile vilaini vinaisha.