Kabla ya kuandika kwamba lugha ina alama ya ushahidi

Mwanafunzi wa isimu anayejiandaa kutoka Bukavu kwenda kijijini kukusanya sentensi za memuari yake, akitumaini kuonyesha kwamba lugha anayoichunguza ina alama ya ushahidi, yaani kipande cha sarufi kinachoeleza msemaji amelijuaje jambo analolisema, atenganishe kwanza maswali mawili yanayofanana: "Umejuaje?" na "Una hakika kiasi gani?" Swali la kwanza linahusu ushahidi, la pili linahusu modali, yaani kiasi ambacho msemaji analiamini analolisema. Majibu yake huenda pamoja mara nyingi, kwa sababu tuliyoyaona tunayaamini kuliko tuliyosimuliwa, na hapo ndipo wengi tunapoteleza.

Kwa hiyo aandae visa ambamo chanzo cha habari na hakika havikubaliani. Tuchukue duka lililoungua Kadutu. Katika kisa cha kwanza, msemaji aliuona moto mchana, akiwa karibu. Katika cha pili aliuona pia, lakini usiku, kwa mbali, ukungu umetanda, naye hana uhakika kama lililoungua ni duka lile au la jirani. Katika cha tatu hakuona kitu, ila ameambiwa na mama yake mzazi, anayeishi mlango wa pili na asiyesema uongo. Katika cha nne ameambiwa na mpita njia anayejulikana kwa kutia chumvi. Alama inayotokea katika kisa cha tatu na cha nne, na kukosekana katika viwili vya mwanzo, inafuata chanzo. Inayotokea katika cha pili na cha nne inafuata mashaka, nayo ni ya modali.

Ajaribu kipimo hiki kwa Kiswahili chetu kabla ya kukipeleka kwingine. "Huenda duka limeungua" inafaa kisa cha pili na cha nne, ni modali. "Nasikia duka limeungua" inafaa cha tatu na cha nne, kwa hiyo inataja chanzo, lakini "nasikia" ni kitenzi kamili: mtu anaweza kukujibu, "Hukusikia, umebuni," na ukikiacha sentensi haiharibiki. "Eti" ndiyo yenye mtego. Inakaa vizuri katika kisa cha nne, lakini mtu akiitumia kwa maneno ya mama yake huonekana kama anamdharau. Ndani yake kuna chanzo na mashaka pamoja. Ningeonya pia kuhusu "lazima", kwa kuwa "lazima mvua ilinyesha" ya mtu anayeona udongo umelowa inabeba dalili na hakika kwa mara moja.

Lugha zenye alama hizi katika sarufi yenyewe hazimwachii msemaji nafasi ya kukwepa. Katika Kituyuka, kinachosemwa mpakani mwa Kolombia na Brazili, kitenzi cha taarifa hubeba mwisho unaoonyesha kwamba jambo limeonekana, limesikika au kuhisiwa bila kuonwa, limetambuliwa kwa dalili, limesimuliwa na wengine, au limekisiwa kwa desturi. Kituruki kina mgawanyo mdogo zaidi: *geldi* ni "alikuja", na *gelmiş* ni "alikuja" pia, ila msemaji amesimuliwa au ameona dalili, kwa mfano viatu mlangoni.

Kituo kinachostahili muda mrefu zaidi ni Kikechua cha Kusko, nchini Peru. *Parashanmi* ni "inanyesha", na msemaji anasimamia neno lake. *Parashansi* ni "inanyesha" kwa kauli ya wengine. Mtafiti Martina Faller alionyesha mwaka 2002 kwamba msemaji anaweza kutumia mwisho huo wa *-si* kuripoti kwamba watu wamemwachia fedha nyingi, kisha akaongeza mara moja kwamba hawakumwachia hata sol moja, fedha ya Peru, bila kujipinga. Jaribu hivyo kwa "huenda": "Huenda wameniachia fedha, lakini najua hawakuniachia" inavunjika. Kwa hiyo mwanafunzi aandike mapema sentensi za aina hiyo, zenye ukanushaji mwishoni.

Mwisho wa maandalizi ni namna ya kuuliza. Mimi niliwahi kuuliza kwa tafsiri: "Mnasemaje 'nasikia duka limeungua'?" Nilipata kitenzi cha kusikia kila mara, nikaandika kwamba alama haipo. Mama mmoja akaniambia: "Mwanangu, umeniuliza kusikia, nami nimekupa kusikia." Tangu hapo mimi husimulia kisa chote, kisha huuliza: "Mama, ukifika kwa jirani, utamwambiaje?" Pembeni mwa jibu huandika nambari ya kisa, na kama msemaji angekubali kusema vilevile katika visa vingine vitatu.