Mapitio ya kati ya ushirikiano wa shule na jamii: anza na daftari la vikao

Ukipewa kazi ya kupitia ushirikiano wa shule na wazazi katikati ya mpango, usianze na hojaji. Wazazi watakujibu kwa adabu kwamba mambo yanakwenda vizuri, na mwalimu mkuu hali kadhalika. Anza na daftari la kumbukumbu za vikao, maana lile liliandikwa kabla hujafika.

Tuchukue mfano wa kubuni: mpango wa miaka 2, shule yenye kaya 240, na kamati ya wazazi iliyokaa vikao 4 katika mwaka wa kwanza.

Hatua ya 1: Toa maazimio yote kwenye daftari

Chora jedwali lenye safu 4: azimio, mhusika, tarehe ya mwisho, ushahidi kwamba limetekelezwa. Pitia kila muhtasari ukijaza. Kipengele cha kusoma kwa makini kuliko vyote ni kile cha "yatokanayo". Azimio likionekana hapo vikao vitatu mfululizo kwa maneno yaleyale, "suala linaendelea kufuatiliwa", jua hakuna anayelifuatilia.

Katika mfano wetu tunapata maazimio 18. Walimu wamepewa 9, wazazi 4, na 5 hayana jina la mtu. Yameandikwa tu "kamati ifuatilie". Yaliyotekelezwa ni 8, na 7 kati ya hayo ni ya walimu. Yale 5 yasiyo na mhusika yote yamelala. Kwa hiyo kamati ipo na inakaa, lakini kazi inafanywa na shule.

Kabla ya kuliamini daftari, likague. Mihtasari ya mwaka mzima iliyoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko usiotetereka huenda iliandikwa kwa siku moja, mkaguzi alipokuwa njiani. Linganisha tarehe za vikao na barua au ujumbe wa mwaliko. Tazama pia kama muhtasari wa kila kikao ulisomwa na kuthibitishwa katika kikao kilichofuata.

Hatua ya 2: Hesabu kaya, si saini

Hapa ndipo ripoti nyingi hupotea, na mimi mwenyewe niliwahi kuandika ripoti ya namna hiyo. Katika mfano wetu, mikutano mikuu 3 ya wazazi ilihudhuriwa na 96, 88 na 104, saini moja kwa kila kaya. Wastani ni 96, yaani asilimia 40 ya kaya. Si vibaya, utasema.

Sasa panga majina kwa kaya. Utakuta kaya 70 zilikuja mikutano yote mitatu, 27 zilikuja miwili, 24 mmoja. Jumla ni kaya 121. Zilizobaki, 119, hazikukanyaga hata mara moja, na wastani wa asilimia 40 ulikuwa umezificha kabisa. Chukua orodha ya hizo 119, uone watoto wao wako madarasa gani na wanaishi upande gani. Mara nyingi kuna sababu inayoonekana kwa macho: umbali, saa ya mkutano kugongana na saa ya kazi, au deni la michango linalomfanya mzazi akwepe kuonekana. Hiyo ya mwisho hutaisikia mkutanoni. Ataisema mzazi ukimfuata kwake, bila mwalimu pembeni.

Hatua ya 3: Pima zaidi ya mahudhurio

Joyce Epstein, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aligawa ushiriki katika aina 6: malezi, mawasiliano, kujitolea, kujifunza nyumbani, kufanya maamuzi, na kushirikiana na jamii. Mahudhurio hayakuonyeshi, kwa mfano, mzazi asiyefika mikutanoni lakini kila jioni anakagua madaftari ya mwanawe. Huna haja ya kupima zote sita. Mimi huongeza viashiria viwili tu: ajenda ngapi zililetwa na wazazi wenyewe, na jumbe ngapi za wazazi kwa shule zilijibiwa.

Hatua ya 4: Rudisha majukumu kwa wenyewe

Keti na kamati, uwasomee jedwali lao. Kisha kila azimio lililolala lipewe mtu mmoja kwa jina, au lifutwe. Mwenyekiti aongoze na kuulizia utekelezaji. Katibu aandike mhusika na tarehe palepale kikaoni. Mweka hazina asome mapato na matumizi kila kikao. Ikiwa katibu ni mwalimu, kama ilivyo mahali pengi, pendekeza mzazi awe msaidizi wake, maana anayeshika kalamu ndiye anayeamua kipi kimeazimiwa.

Kwa kaya 119, msiweke lengo la kuzileta zote. Chagueni darasa moja lenye kaya nyingi zisizohudhuria, mbadilishe saa ya mkutano wa darasa hilo, kisha mhesabu upya kwa kaya baada ya mikutano miwili.