Kumtuma mwakilishi kikaoni: mweleze yeye, mweleze na katibu

Miaka kadhaa iliyopita nilimtuma mwenzangu wa ofisini kikaoni, nikamwambia, "Nenda kasikilize tu." Muhtasari ulipokuja ulisema: "Idara iliafiki." Hakuwa ameafiki, alinyamaza. Lakini katibu hakujua kwamba kaja kusikiliza, kwa hiyo kimya chake kikahesabiwa ridhaa.

Tangu hapo nafuata utaratibu huu. Nitauonyesha kwa kikao cha mgawo wa mafuta ya magari, Alhamisi saa nne asubuhi, mimi nikiwa safarini. Idara yangu ilikuwa inapata lita 600 kwa mwezi, na pendekezo mezani lilikuwa kushusha hadi 400.

1. Mpigie katibu kabla hujachagua mtu

Uliza mambo mawili: nafasi yangu inaruhusu mwakilishi? Na ni ajenda ipi itakayotolewa uamuzi? Kwenye bodi na kamati nyingi ujumbe ni wa mtu mwenyewe, si wa cheo chake. Unayemtuma huenda akakaa kama mwalikwa tu, asihesabiwe kwenye akidi wala asipige kura. Ikiwa hivyo, omba ajenda yako isogezwe.

2. Chagua anayeijua kazi, si aliye na nafasi

Sikumtuma msaidizi wangu. Nilimtuma msimamizi wa safari, kwa sababu ndiye anayejaza daftari la gari kila jioni.

3. Mpe mwakilishi mipaka pamoja na sababu zake

Karatasi moja inatosha, yenye mafungu matatu: kubali, kataa, rudi nayo. Yangu iliandikwa hivi:

- *Kubali:* mgawo wowote usiopungua lita 500.
- *Kataa:* chini ya hapo. Omba pingamizi letu liandikwe kwenye muhtasari.
- *Rudi nayo:* ombi lolote la kuazima gari letu.

Namba peke yake haimsaidii mtu akibanwa maswali. Kwa hiyo tulikaa tukapiga hesabu pamoja. Safari moja ya kwenda na kurudi ni kilomita 300, na gari letu linakwenda kilomita 6 kwa lita, kwa hiyo safari hiyo inakula lita 50. Tuna vituo 10, kila kimoja lazima kifikiwe mara moja kwa mwezi: hizo ni lita 500. Lita 100 zilizobaki ni za safari mbili za marudio, na hizo tunaweza kuziachia. Akishajua hivyo, mwenyekiti akimwambia "chukueni 450", anaweza kuuliza kituo gani kiachwe, bila kunipigia simu.

Mpitishe pia kwenye yatokanayo. Kama kikao kilichopita uliahidi ripoti ya matairi, ataulizwa yeye. Mpe nakala mkononi. Halafu jifanye mwenyekiti, mbane kwa dakika kumi. Mimi hapo ndipo nilipogundua kwamba hakujua kikao kilichopita kiliamua nini.

4. Mwandikie katibu, nakala kwa mwakilishi

Hapa wengi hukosea kwa kumtumia katibu karatasi ileile. Usifanye hivyo. Katibu anahitaji kujua mwakilishi anaweza kuamua nini, si utashuka hadi wapi. Ukitaja 500, kikao kitaanzia 500. Mimi niliandika:

> Ndugu Katibu, sitahudhuria kikao cha Alhamisi kwa kuwa nitakuwa safarini. Msimamizi wa safari atakuja kwa niaba yangu. Katika ajenda ya 3 anaweza kuamua kuhusu kiasi cha mafuta, na neno lake ni neno la idara. Kuhusu kuazimana magari hana mamlaka ya kuahidi. Naomba hilo lirudi kwangu, nitajibu kabla ya Jumatatu mchana. Ripoti ya matairi atakuja nayo.

Ile sentensi ya "hana mamlaka" ndiyo inayomlinda mwakilishi wako. Asipokuwa nayo, akisema "ngoja nimuulize bosi" ataonekana anakwepa. Akiwa nayo, katibu mwenyewe atamjibia.

Kwenye karatasi ya mahudhurio aandike jina lake, na mbele ya cheo aweke "Kny: Mkuu wa Idara". Akiandika cheo chake peke yake, idara itasomeka kwamba haikuwepo.

5. Wakati wa kikao, mwache

Kubalianeni muda mmoja tu wa kupatikana kwa simu, basi. Mwakilishi anayechungulia ujumbe wako kila dakika huonekana kama kipaza sauti, na wajumbe wataacha kuzungumza naye.

6. Siku hiyohiyo, kaeni

Kikao chetu kiliishia lita 520, na ombi la gari likaja kweli. Nilimuuliza nani alisema nini, kisha nikamwomba katibu rasimu ya muhtasari kabla haijasainiwa. Kwenye suala la gari ilikuwa imeandikwa "idara itatoa gari." Nikamkumbusha barua yangu, akabadilisha: "mwakilishi alilipokea ombi ili kuliwasilisha."

Uamuzi wa lita 520 sikuugusa, ingawa naamini mimi ningepata 550.