Aya ikifutwa kwenye Google Docs, usikimbilie Restore

Mnaandika katiba ya kikundi watu watano kwenye faili moja la Google Docs. Jumatano mtu anafuta kifungu cha faini, na nyie mnagundua Ijumaa, wakati wengine wameshaongeza kurasa mbili. Mkibonyeza "Restore this version" ya Jumanne, faini inarudi, lakini waraka wote unarudi Jumanne pamoja nayo, na zile kurasa mbili zinatoweka mbele ya macho yenu. Bado zimo kwenye historia, ila sasa mna kazi ya pili.

Njia nyepesi, kwenye kompyuta: File > Version history > See version history. Fungua toleo la Jumanne, nakili kifungu cha faini peke yake, rudi kwenye waraka wa leo ukibandike mahali pake. Kabla ya kikao kikubwa, chagua "Name current version" uandike kitu kama "Kabla ya kikao cha wajumbe", maana kutafuta kwa saa na dakika kunachosha.

Wajumbe wengine wapeni ruhusa ya Commenter badala ya Editor. Wakifuta kitu kinabaki kama pendekezo lenye jina lao, mpaka mhariri alikubali au alikatae. Ila historia hawataiona. Hiyo ni ya wahariri tu. Na msifanye "Make a copy" mkidhani mnajilinda: nakala inaanza upya, historia ya zamani inabaki kwenye faili la kwanza.