Maneno yasizamishwe na muziki kwenye spika ya simu

Tangazo la mbegu za viazi litakalosikilizwa kwa simu katikati ya kelele za Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya lisichanganywe kwa kutegemea spika za studio pekee, kwa sababu spika ndogo ya simu hutoa sauti hafifu mno chini ya hezi 300, na utambuzi wa maneno hubaki mikononi mwa konsonanti kama s na t, ambazo nguvu yake kubwa iko juu ya hezi 2,000.

Anza na msemaji peke yake. Kata mngurumo ulio chini ya hezi 100, kisha weka kompresa, yaani kibana sauti kubwa, ya uwiano wa 3:1, ipunguze desibeli 4 hadi 6 anapopaza sauti, halafu upandishe sauti yote, ili silabi za mwisho, ambazo wengi huzimeza, zisikike. Pumzi zikianza kusikika kama maneno, umebana kupita kiasi.

Muziki ndio mkorofi. Ushushe takriban desibeli 15 chini ya msemaji, na kwa ikwalaiza uupunguze desibeli 3 zaidi kati ya hezi 2,000 na 4,000.

Mwishowe geuza mchanganyiko kuwa mono, yaani sauti ya mkondo mmoja, uucheze kwenye simu ya bei nafuu kando ya bajaji inayonguruma, na umwombe mtu asiyelijua tangazo ataje bei. Akisikia "elfu sabini" badala ya "elfu sitini", usiongeze sauti ya tangazo zima. Mwongezee msemaji desibeli 2 karibu na hezi 3,000, kisha ujaribu tena.