Lebo moja ya asali, slaidi saba: namna ninavyojitangaza kwa karuseli

Mimi ni dizaina wa kujitegemea hapa Kampala, na lebo za bidhaa ndizo zinazonilisha. Karuseli zangu za mwanzo, yaani posti za slaidi kadhaa za kutelezesha kwa kidole, zilirundika kazi kumi kwa mpigo. Watu walisifia, hakuna aliyeniajiri. Siku hizi nasimulia kazi moja tu, kama hii ya asali ya mama mmoja wa Ntinda.

Hatua ya 1: andika kabla ya kuchora. Kwenye daftari, kila slaidi ipate sentensi moja: tatizo, sababu, kipimo, jaribio lililoharibika, lebo mpya, matokeo, mawasiliano.

Hatua ya 2: pima ukurasa. Natumia pikseli 1080 kwa 1350 kwa slaidi zote, kwa kuwa Instagram hufuata umbo la slaidi ya kwanza. Herufi zisipungue pikseli 40, maana simuni picha husinyaa hadi kama theluthi.

Hatua ya 3: slaidi mbili za mwanzo. Jina lako lisubiri. Yangu ya kwanza ilikuwa picha ya chupa ya zamani na maneno “Asali hii haikusomeka rafuni.” Ya pili nayo ijitegemee, kwani aliyeipita ya kwanza huenda akaonyeshwa posti tena ikianzia slaidi ya pili. Niliandika: “Maandishi ya dhahabu juu ya asali ya dhahabu.”

Hatua ya 4: onyesha ulivyofikiri. Ujuzi wako unaonekana hapa, si kwenye orodha ya programu unazozijua. Chupa ilikuwa na kipenyo cha sentimita 7, hivyo mzunguko wake ni kama 22. Aliyesimama mbele yake husoma vizuri theluthi tu, yaani sentimita 7 hivi. Jina la asali lilikuwa limechukua 11! Slaidi ya tatu ilikuwa chupa imezungushiwa futikamba. Ya nne, lebo ya majaribio niliyochapisha Nasser Road, herufi mbili za mwisho zimejificha nyuma ya chupa. Nusura niifiche picha hiyo kwa aibu. Muuza kahawa mmoja alipoiona akaniandikia: “Kopo langu lina ugonjwa huohuo.” Nikapata kazi.

Hatua ya 5: matokeo. Usiandike “mauzo yalipanda” kama hujaona daftari la mteja. Mama aliniambia, “Mwanangu, siku hizi hawaniulizi tena kama nauza mafuta ya kupikia.” Nilimwomba ruhusa, nikaweka maneno yake yalivyo, pamoja na oda yake ya pili ya lebo 300.

Hatua ya 6: mawasiliano. Ombi liwe moja. Mimi huandika: “Nitumie picha ya chupa yako WhatsApp.” Kwa LinkedIn, slaidi hizohizo zihifadhi kama PDF, uipandishe kama dokumenti. Kagua namba ya simu kwanza, kwani faili halibadilishwi baada ya kuposti. Yangu iliwahi kupungua tarakimu moja. Niligundua siku ya tatu, nikafuta posti na maoni yake yote.