Umeripoti wizi, sasa unanyang'anywa funguo za stoo

Ukishamripoti mwenzako kwa kuuza dizeli ya kampuni, kisasi huja kwa mdomo: "Funguo za stoo mpe Juma." Usibishane. Siku hiyohiyo mwandikie bosi kwa adabu: "Nathibitisha agizo lako la leo saa nne asubuhi kwamba nikabidhi funguo. Naomba kujua sababu na majukumu yangu mapya." Asipojibu, ukimya wake nao una tarehe. Nakala ya barua iweke nyumbani, ila nyaraka za siri za kampuni usizibebe, watakugeuzia kibao. Kwa Tanzania, malalamiko ya namna hii hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60. Ukiachishwa kazi, una siku 30 tu.